Kitochi au Simu ya Tachi? Sikiliza Kwanza

Mkufunzi wa wahudumu wa simu kwa wateja aliwaanzishia wanafunzi wake kwa katazo: usimuulize mteja, "Una simu janja?" Mwenye kitochi huona amedharauliwa, na wengine hujibu ndiyo kwa aibu. Maelekezo yote yanayofuata yanapotea bure.

Badala yake, sikiliza vitendo anavyotumia. Anayesema "nabonyeza" huenda ana vitufe. Anayesema "nagusa" au "naburuza" ana kioo. Umri na lafudhi havisemi lolote, na hapo namuunga mkono kabisa.

Akachukua mfano wa mama anayelalamika kuwa intaneti haifunguki. Mhudumu anasema: "Shikamoo mama. Ukitaka kurudi nyuma, unafanyaje?" Mama anajibu: "Nagusa kile kipembetatu cha chini." Hiyo ni Android karibu kwa hakika, kwa kuwa iPhone haina alama hiyo. Ila baadhi ya Android nazo hazinayo, hivyo asipoitaja usihitimishe kuwa ni iPhone. Kisha dhana ithibitishwe kwa upole: "Naona kama ni Android, mama, au nimekosea?"

Kosa kubwa liko kwingine. Mama huenda amepiga kwa simu ya mwanawe, wakati yenye tatizo iko mezani. Kwa hiyo ulizeni mapema: "Tunazungumza kwa simu hiyohiyo yenye shida?" Mkikwama, mwambieni apige *#06# kwenye simu hiyo, tarakimu nane za kwanza za IMEI hutambulisha modeli yake.