Dodoso la Kivietnamu Linaporudishwa kwa Kiswahili

Tafsiri rejeshi ni tafsiri inayofanywa kwa kurudi nyuma. Dodoso la afya lililoandikwa kwa Kiswahili hutafsiriwa kwanza kwa Kivietnamu. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaiona nakala ya Kiswahili, hupewa Kivietnamu kile akirudishe kwa Kiswahili. Baada ya hapo nakala mbili za Kiswahili, ile ya mwanzo na ile iliyorudi, huwekwa pamoja na kulinganishwa swali kwa swali. Kwa njia hiyo mtafiti asiyejua hata neno moja la Kivietnamu hupata kitu anachoweza kukisoma na kukikagua mwenyewe. Richard Brislin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliielezea njia hii katika makala ya mwaka 1970, na tangu wakati huo watafiti wengi wanaovuka mipaka ya lugha wameitumia.

Wavietnamu si wageni Afrika Mashariki. Kampuni ya simu ya Halotel, iliyoanza kutoa huduma Tanzania mwaka 2015, ni ya Viettel ya Vietnam, na korosho nyingi za Mtwara na Lindi hununuliwa na viwanda vya Vietnam. Tuseme basi kwamba kituo kimoja cha afya jijini Dar es Salaam kinataka kuwauliza Wavietnamu wanaoishi hapo maswali yale yale kinayowauliza wenyeji, ili majibu yaweze kulinganishwa. Hapo neno moja likienda kombo, tofauti itakayoonekana kati ya makundi mawili itakuwa ya tafsiri, wala si ya afya.

Swali la kwanza ni hili: “Je, katika wiki mbili zilizopita umepata homa?” Mfasiri wa mfano wetu amekaa Tanzania muda mrefu na amezoea kusikia watu wakisema wana homa wakimaanisha malaria. Akaandika sốt rét. Nakala ikarudi hivi: “Je, katika wiki mbili zilizopita umepata malaria?” Tofauti imeonekana, lakini bado haijajulikana nani kaileta, kwa kuwa aliyerudisha naye anaweza kukosea. Kwa hiyo wafasiri wote wawili huitwa mezani pamoja na mganga, na Kivietnamu chenyewe ndicho kinachochunguzwa. Sốt peke yake ni joto la mwili kupanda. Sốt rét ni malaria. Kosa ni la mfasiri wa kwanza, na dawa yake ni kuliondoa neno rét. Lingeachwa, Mvietnamu aliyelala siku tano na homa ya dengue angejibu “hapana”, na asingekuwa amesema uongo.

Hapo njia imefanya kazi yake. Tatizo ni swali linalorudi bila doa huku ugonjwa umo ndani.

Dodoso linauliza kama mgonjwa wa shinikizo la damu humeza dawa yake saa mbili usiku. Mfasiri, kwa haraka, akaandika 2 giờ đêm. Aliyerudisha naye akahamisha tarakimu kama alivyoikuta: “saa mbili usiku”. Nakala mbili zinafanana herufi kwa herufi na kila mtu mezani anaridhika. Lakini Wavietnamu huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo walichosomewa ni saa nane za usiku, wakati watu wamelala. Kilichotakiwa kilikuwa 8 giờ tối. Kosa la kwenda na kosa la kurudi yamefutana. Mfasiri makini angerudisha “saa nane usiku” na kosa lingejitokeza palepale, ila dodoso haliwezi kutegemea bahati ya kumpata mfasiri wa namna hiyo. Ni busara zaidi saa zote zikaguliwe peke yake, nje ya tafsiri rejeshi.

Mfasiri hodari kupita kiasi naye huficha makosa kwa namna yake. Akikuta sentensi ya Kivietnamu iliyovurugika, hukisia mwandishi alitaka kusema nini na kuirudisha katika Kiswahili fasaha. Mtafiti anasoma Kiswahili kizuri na kudhani Kivietnamu nacho ni kizuri. Ndiyo maana anayerudisha huagizwa aandike kilichoandikwa, hata kikiwa kibovu, na aweke alama mahali alipolazimika kubahatisha.

Kuna pia mambo ambayo Kiswahili hakiwezi kuyarudisha kabisa. Kivietnamu hakina “wewe” moja ya kumfaa kila mtu. Mwanamume wa rika la kaka huitwa anh, mwanamke wa rika la dada chị, na wazee huitwa ông na bà. Dodoso likitumia bạn, neno la marafiki na wenzao, mzee wa miaka 70 ataona kijana anayemhoji hana adabu, na huenda akajibu kwa mkato. Kwenye Kiswahili yote hayo hurudi kama “unapata” na “unameza”. Heshima iliyopotea haiachi alama yoyote kwenye nakala iliyorudi, na hakuna ulinganishaji utakaoiona.

Vivyo hivyo kwa tofauti za mikoa. “Umeugua?” linaweza kuandikwa kwa neno ốm, na mfasiri wa Hanoi atalirudisha sawasawa, kwa sababu kaskazini ốm ni kuumwa. Kusini, upande wa Jiji la Ho Chi Minh, ốm kwa mazoea ni wembamba wa mwili. Wapo watakaoelewa kutokana na muktadha, wapo watakaodhani wanaulizwa kama wamekonda. Neno bệnh, linaloeleweka pande zote, lingeepusha utata huo. Lakini atakayelipendekeza ni mtu wa kusini aliyesoma Kivietnamu chenyewe.

Wafasiri wa moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili ni wachache, hivyo kazi mara nyingi huweza kupitishwa kwenye Kiingereza. Daraja hilo lina ushuru wake. “Mkono” wa Kiswahili huanzia begani hadi vidoleni, na tay ya Kivietnamu vilevile. Kiingereza hakina neno moja la kawaida la kiungo hicho chote; humlazimu mfasiri achague kiganja au sehemu iliyo juu yake. Mtu mwenye ganzi kwenye kiwiko anaweza kuachwa nje ya swali ambalo lugha zote mbili zilikuwa zinalibeba bila shida.

Kwa sababu hizo tafsiri rejeshi haitoshi peke yake. Baada yake, Wavietnamu wachache wa umri na mikoa tofauti husomewa dodoso, kisha huombwa waeleze kwa maneno yao wenyewe wameulizwa nini. Hapo ndipo saa nane za usiku, mzee aliyeitwa rafiki na mtu aliyedhani anaulizwa kuhusu wembamba hujitokeza. Nakala ya Kiswahili nayo si msahafu. Brislin alishauri matini ya mwanzo iwe na sentensi fupi, zisizofika maneno 16, na nomino irudiwe badala ya kutumia kiwakilishi. Kama “homa” ina utata, ni afadhali Kiswahili chenyewe kiseme “joto la mwili kupanda”, hata kama wenyeji nao itabidi waulizwe upya.

Swali lililorekebishwa hurudishwa tena kwa Kiswahili, safari hii na mfasiri wa tatu. Yule wa awali hafai tena kwa swali hilo, kwa kuwa tayari anajua jibu linalotakiwa.