Kusi Inaposomeka Kaskazi: Sahani, Biti Nne na Msimbo wa Gray

Kwenye mlingoti wa kituo cha hali ya hewa huwa kuna mshale unaozunguka kuufuata upepo. Chini yake, katika aina nyingi za vifaa hivyo, mhimili wa mshale umebeba sahani ndogo yenye miduara kadhaa, mmoja ndani ya mwingine. Kila mduara umekatwa vipande: vingine vinapitisha mwanga, vingine vinauzuia. Upande mmoja wa sahani zimewekwa taa ndogo, na upande wa pili vihisi, kimoja kwa kila mduara. Kihisi kinachoona mwanga hutoa 1, kilicho gizani hutoa 0. Mshale ukigeuka, tarakimu hizo zinabadilika, na kompyuta ya kituo inajua upepo unatoka wapi bila mtu kupanda mlingotini.

Kifaa cha WAV151 cha kampuni ya Vaisala ya Ufini kina miduara 6 ya namna hiyo, kwa hiyo kinatofautisha mielekeo 64. Hapa inatosha kutumia sahani ya miduara minne. Miduara minne ni biti nne, na biti nne zina hali 16, idadi ileile ya mielekeo ya dira ya kawaida. Kila hali inachukua digrii 22.5: namba 0 ni kaskazini, 4 mashariki, 8 kusini na 12 magharibi.

Mtu anayeitengeneza sahani hii kwa mara ya kwanza atakata vipande kwa kufuata hesabu ya baineri, yaani namba zinazoandikwa kwa 0 na 1 peke yake. Kusini, ambayo ni 8, itakuwa 1000. Hatua moja kabla yake, upande wa mashariki kidogo, ni 7, nayo ni 0111. Sahani itaonekana safi kabisa, na itafanya kazi vizuri mpaka mshale utakaposimama kwenye mpaka wa 7 na 8.

Pale mpakani biti zote nne zinatakiwa kubadilika kwa pamoja, jambo ambalo chuma na kioo havilimudu. Kihisi kimoja kimekaa unywele mmoja mbele ya wenzake, ukingo wa kipande kimoja haukukatwa sawasawa na ule wa jirani. Tuseme vihisi vitatu vya chini vimeshaingia gizani huku cha juu hakijaona mwanga bado. Kompyuta inasoma 0000, yaani kaskazini. Cha juu kikitangulia, inasoma 1111, yaani digrii 337.5, kaskazini tena, ukiegemea magharibi kidogo. Upepo wa kusi unavuma, mshale umeelekea kusini, na daftari la kituo linaandika kaskazi.

Kosa la namna hii halidumu kwa sekunde moja tu. Upepo ukitulia mpakani, mshale unatikisika palepale na namba za uongo zinaendelea kumiminika. Fundi mzoefu hulitambua kwa dalili mbili: mruko ni mkubwa mno, karibu nusu ya dira, na hutokea mwelekeo uleule kila mara. Waya uliolegea haungechagua mpaka. Katika sahani ya baineri mipaka mibaya zaidi ni 7 kwenda 8 na 15 kurudi 0, ambako biti nne zinageuka. 3 kwenda 4 na 11 kwenda 12 zinageuka tatu.

Dawa ni kuzipanga upya hali zilezile 16 ili kila hatua igeuze biti moja tu. Mpangilio unaotumika sana unaitwa msimbo wa Gray, kwa jina la Frank Gray, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani. Aliomba hataza yake mwaka 1947 na kuipata 1953. Yeye hakuwa akipima upepo. Alikuwa akigeuza sauti ya simu kuwa namba kwa kutumia mwali wa elektroni uliopita kwenye bamba lenye matundu, na mwali huo ulikuwa na ugonjwa uleule wa mipakani. Haki itendeke, George Stibitz, wa Bell Labs pia, alikuwa ameshautumia mpangilio huo katika hataza ya mwaka 1943. Jina likabaki kwa Gray.

Jedwali lake kwa biti nne ni hili. B ni biti za baineri, G ni za Gray, na tarakimu ya kushoto kabisa ndiyo biti namba 3.

```
namba  B3B2B1B0  G3G2G1G0
  0      0000      0000
  1      0001      0001
  2      0010      0011
  3      0011      0010
  4      0100      0110
  5      0101      0111
  6      0110      0101
  7      0111      0100
  8      1000      1100
  9      1001      1101
 10      1010      1111
 11      1011      1110
 12      1100      1010
 13      1101      1011
 14      1110      1001
 15      1111      1000
```

Pitisha kidole kutoka juu hadi chini kwenye safu ya Gray: kila mstari unatofautiana na uliotangulia kwa tarakimu moja. Hata 15 kurudi 0 ni 1000 kuwa 0000, biti moja. Mpaka uliokuwa ukituletea kaskazi ya uongo sasa ni 0100 na 1100. Kihisi cha juu kikichelewa, kompyuta inasoma 7. Kikiwahi, inasoma 8. Majibu yote mawili ni majirani wa ukweli, na mshale uko katikati yao.

Lakini mhandisi hataki kukariri jedwali. Anataka milinganyo anayoweza kuijenga kwa milango ya mantiki, zile saketi ndogo zinazopokea 0 na 1 na kutoa 0 au 1. Njia ya kuipata ni kuichukua safu moja ya Gray kwa wakati na kuuliza: je, ni mistari gani ina 1?

Safu ya G3 ni nyepesi. Ina 1 kuanzia 8 hadi 15, sawasawa na B3. Hakuna lango linalohitajika, ni waya tu.

Safu ya G2 ina 1 kuanzia mstari wa 4 hadi wa 11. Katika 4 hadi 7, B3 ni 0 na B2 ni 1. Katika 8 hadi 11, B3 ni 1 na B2 ni 0. Mistari minane iliyobaki, ambako G2 ni 0, ina B3 na B2 zinazofanana: zote 0 au zote 1. Hivyo G2 haijali B1 wala B0. Inachouliza ni kama B3 na B2 zinatofautiana. Swali hilo lina lango lake maalumu, XOR, linalotoa 1 pale tu pembejeo zake mbili zinapotofautiana. Alama yake ni ⊕.

Safu ya G1 ina 1 kwenye mistari ya 2 hadi 5 na 10 hadi 13, na ukiangalia B2 na B1 kwenye mistari hiyo utakuta 01 au 10 kila mara. G0 inafanya hivyohivyo kwa B1 na B0. Milinganyo yote basi ni hii:

```
G3 = B3
G2 = B3 ⊕ B2
G1 = B2 ⊕ B1
G0 = B1 ⊕ B0
```

Jaribu mstari wa 11, ambao kwa baineri ni 1011. G3 ni 1. G2 ni 1 na 0, zinatofautiana, 1. G1 ni 0 na 1, zinatofautiana, 1. G0 ni 1 na 1, zinafanana, 0. Tumepata 1110, kama jedwali lisemavyo. Mstari wa 12, 1100, unatoa 1, kisha 0, kisha 1, kisha 0: 1010. Kati ya 1110 na 1010 biti moja tu imegeuka, ingawa kwenye baineri ziligeuka tatu.

Kwa nini zile tatu zinamezwa? Unapoongeza 1 kwenye namba ya baineri, zile 1 zilizofuatana mwishoni zinageuka 0 na ile 0 iliyo kabla yake inageuka 1. Kutoka 1011 hadi 1100, biti tatu za kulia zimegeuka kwa pamoja. Biti mbili za jirani zikigeuka zote, uhusiano wao haubadiliki: kama zilitofautiana bado zinatofautiana. XOR huangalia uhusiano huo tu, kwa hiyo haioni kitu. Mahali pekee uhusiano unapovunjika ni kwenye ukingo, kati ya biti ya juu kabisa iliyogeuka na jirani yake wa kushoto ambaye hakuguswa. Ukingo ni mmoja, basi biti ya Gray inayogeuka ni moja.

Kwa mezani, kazi nzima inaingia kwenye chipu moja ya 74HC86, yenye milango minne ya XOR, na mmoja unabaki bila kazi. Kwenye programu ni mstari mmoja:

```c
g = b ^ (b >> 1);
```

Hapa wengi huteleza. Wanachukua sahani yao ya baineri, wanaweka XOR tatu baada ya vihisi, na kungoja kosa lipotee. Halitapotea. Vihisi vikishasoma 0000 mahali pa 1000, milango itageuza uongo huo kuwa Gray kwa uaminifu kamili. Msimbo lazima ukatwe kwenye sahani yenyewe. Milinganyo ile inatumika mapema, mezani, kuamua kipande kipi kiwe wazi na kipi kiwe giza.

Baada ya vihisi kinachohitajika ni safari ya kurudi, kutoka Gray hadi baineri, maana 1100 ya Gray haiwezi kuzidishwa kwa 22.5 ikatoa digrii sahihi. Milinganyo inafanana, ila kila biti inangoja jibu la biti iliyo juu yake:

```
B3 = G3
B2 = B3 ⊕ G2
B1 = B2 ⊕ G1
B0 = B1 ⊕ G0
```

Kwa 1110: B3 ni 1, B2 ni 0, B1 ni 1, B0 ni 1. Tumerudi kwenye 1011, yaani 11. Kule kwenda, milango mitatu ilifanya kazi kwa wakati mmoja; huku kurudi inapokezana, na kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo ucheleweshaji unavyorefuka.

Kuna kikwazo kingine kinachowakumba watu wa upepo hasa. Viwanja vya ndege hutangaza mwelekeo kwa makumi ya digrii, hatua 36 kwa duara zima, nayo 36 haipatikani kwa kuzidisha 2 kwa 2 mfululizo. Ukichukua biti 6 na kutumia namba 0 hadi 35, ya mwisho inakuwa 110010 na ya kwanza 000000: biti tatu zinageuka pale pale kaskazini, na ugonjwa umerudi. Ufumbuzi ni kukata kipande cha katikati ya jedwali la mistari 64 badala ya kuanzia juu. Namba 14 kwa Gray ni 001001 na namba 49 ni 101001, zinatofautiana biti moja, na kutoka 14 hadi 49 kuna hatua 36 kamili. Sahani inakatwa kwa mistari hiyo, na kompyuta ikishageuza Gray kuwa baineri inatoa 14 kabla ya kuzidisha kwa 10.