Nadharia Tete Inayolingana na Jaribio Lake

Nadharia tete sifuri ni kauli kuhusu namba ambayo mtafiti haijui: wastani, asilimia au nguvu ya uhusiano katika jamii nzima anayoichunguza. Kauli hiyo husema kwamba tofauti ni sifuri, yaani makundi mawili hayapishani, au kitu kimoja hakihusiani na kingine. Nadharia tete mbadala husema kwamba tofauti ipo. Jaribio la takwimu kazi yake ni moja tu, nayo ni kupima kama data zilizokusanywa zinapatana na kauli ya kwanza. Kauli ikiandikwa kwa ulegevu katika Sura ya Kwanza ya tasnifu, jaribio linaloripotiwa katika Sura ya Nne huwa limejibu swali jingine, na msomaji haambiwi ni lipi.

Mazoea ya kuandika nadharia hizo mbili zikiwa pamoja yametokana na mahasimu wawili. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, alieneza wazo la nadharia sifuri peke yake, akashikilia kwamba inaweza kukanushwa lakini haithibitishwi kamwe. Jerzy Neyman na Egon Pearson ndio waliodai kwamba pawepo na mbadala iliyotajwa waziwazi, maana bila hiyo mtu hawezi kujua jaribio lake lina uwezo gani wa kugundua kinachotafutwa. Tasnifu za leo zinabeba mawazo ya pande zote mbili, mara nyingi bila mwandishi kujua.

Utafiti mmoja uliofanyika Kenya unafaa kuonyesha jinsi maneno na hesabu vinavyopaswa kufungamana. Kuanzia 2007, katika kliniki tatu, watu wazima waliokuwa wanaanza kutumia ARV waligawanywa kwa nasibu. Wagonjwa 273 walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki, na wengine 265 waliendelea na huduma ya kawaida. Ujumbe wenyewe ulikuwa swali fupi, “Mambo?”, na mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba yuko sawa au ana shida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Yanayofuata hapa ni jinsi mwanafunzi angeweza kuziandika nadharia tete za utafiti kama huo, vibaya au vizuri, si maelezo ya walivyoziandika watafiti wenyewe.

Mwandishi asiye makini angeandika hivi: “Ujumbe mfupi wa simu hauna athari kwa ufuasi wa dawa wa wagonjwa wa VVU.” Sentensi inasomeka vizuri, na msimamizi aliyechoka huenda akaipitisha. Lakini haisemi ufuasi unapimwaje, wakati gani, wala wagonjwa hao wanalinganishwa na nani. Majaribio matano tofauti yanaweza kudai kwamba yanaijibu, na mwandishi atabaki huru kuchagua lile lililompendeza baada ya kuona matokeo.

Iliyo sahihi ni ndefu kidogo: “Asilimia ya wagonjwa wanaoripoti kumeza zaidi ya 95% ya dozi zao za siku 30 zilizopita, katika ziara ya mwezi wa 6 na pia ya mwezi wa 12, ni ileile kwa wanaotumiwa ujumbe na kwa wanaopata huduma ya kawaida.” Mbadala wake husema kwamba asilimia hizo mbili si sawa. Kwa alama, H0: p1 = p2, na H1: p1 ≠ p2.

Urefu huo una kazi. Neno “asilimia” linaamua kwamba jaribio litakuwa la kulinganisha asilimia mbili, si la kulinganisha wastani. Maneno “na pia ya mwezi wa 12” yanaamua kwamba kila mgonjwa ana jibu moja tu la ndiyo au hapana, ambalo ni ndiyo pale tu alipotimiza mara zote mbili. Mtafiti akiingiza kwenye kompyuta mistari miwili kwa kila mgonjwa, mmoja kwa kila ziara, atakuwa na mistari 1,076 badala ya 538. Jaribio litadhani kwamba kuna watu wengi kuliko waliopo, na thamani ya p itatoka ndogo kuliko inavyostahili. Mkaguzi hugundua kosa hilo kwa kujumlisha idadi zilizo kwenye jedwali la matokeo na kuzilinganisha na idadi ya watu waliosajiliwa.

Katika utafiti huo, 168 kati ya 273 walitimiza ufuasi kwenye kundi la ujumbe, sawa na 62%, na 132 kati ya 265 kwenye kundi la pili, sawa na 50%. Mtu yeyote mwenye programu ya R anaweza kuijaribu nadharia sifuri iliyoandikwa hapo juu:

```
prop.test(c(168, 132), c(273, 265), correct = FALSE)
```

Thamani ya p inatoka 0.006, sawa na iliyochapishwa. Maana yake ni kwamba kama asilimia hizo mbili zingekuwa sawa katika jamii, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi, kwa upande wowote, ingejitokeza kwa bahati karibu mara 6 katika kila 1,000.

“Kwa upande wowote” ndipo nadharia mbadala inapoingia. Mwanafunzi akiandika kwamba ujumbe utaongeza ufuasi, amechagua upande mmoja, na amri inayolingana na maneno yake ina nyongeza:

```
prop.test(c(168, 132), c(273, 265), correct = FALSE,
          alternative = "greater")
```

Sasa thamani ya p ni 0.003, nusu ya ile ya kwanza. Kinachoonekana mara kwa mara katika tasnifu ni mbadala wa upande mmoja katika utangulizi na jaribio la pande mbili katika matokeo, kwa sababu tu programu isipoambiwa kitu hupima pande zote mbili. Kosa hilo linamwumiza mwandishi mwenyewe. Kosa la hatari zaidi ni la kinyume chake, pale mtu alipoanza na pande mbili, akapata 0.07, kisha akarudi kuandika upya nadharia yake iwe ya upande mmoja ili apate 0.035. Upande mmoja unahalalishwa na jambo moja tu: uamuzi uliofanywa kabla data hazijaonekana, kwa sababu inayoelezeka, kwamba matokeo ya upande wa pili yangehesabiwa sawa na kutokuwepo kwa tofauti. Ujumbe wa simu ungeweza pia kumkera mgonjwa au kuifichua hali yake nyumbani. Kwa hiyo pande mbili ndizo zinazostahili hapa.

Mambo huwa magumu pale kipimo kinapokuwa zaidi ya kimoja. Utafiti wa Kenya ulikuwa na kipimo kikuu cha pili, ambacho ni kufubaa kwa virusi, yaani kuwa na nakala chini ya 400 katika mililita moja ya damu baada ya miezi 12. Waliofikia hapo walikuwa 156 kati ya 273 katika kundi la ujumbe, na 128 kati ya 265 katika kundi la pili, 57% dhidi ya 48%, na thamani ya p ni 0.04. Je, kwa kiwango cha 0.05, nadharia sifuri ya pili inakataliwa? Jibu linategemea mwanafunzi aliahidi nini.

Akiwa ameandika kwamba ujumbe unasaidia walau kimojawapo kati ya ufuasi na kufubaa kwa virusi, amejipa nafasi mbili za kushinda. Kama ujumbe hausaidii chochote, uwezekano wa kudanganywa na bahati walau mara moja unakaribia 10%, si 5% tena. Njia rahisi ya kurekebisha ni kukigawa kiwango: kila jaribio lipimwe kwa 0.025. Hapo ufuasi, wenye 0.006, unapita, na kufubaa kwa virusi, kwenye 0.04, hakupiti. Akiwa ameandika kwamba ujumbe unasaidia vyote viwili kwa pamoja, ni lazima majaribio yote mawili yapite, hivyo bahati hajaongezewa mlango. Kila moja linaweza kupimwa kwa 0.05, na yote mawili yanapita. Data ni zilezile na thamani za p ni zilezile, ila hukumu inageuka kwa sababu ya sentensi iliyoandikwa mwanzoni. Ndiyo maana nadharia tete ya aina ya “ujumbe hauathiri ufuasi na afya ya mgonjwa” haifai kabisa: imeunganisha mambo mawili bila kusema kama yanasimama pamoja au kila moja peke yake.

Kutolingana kwingine hujificha ndani ya jaribio lenyewe. Tuseme kipimo ni idadi ya dozi ambazo kila mgonjwa alizikosa. Wengi watakosa sifuri au moja, wachache watakosa 20. Mtafiti aliyeandika kwamba wastani wa dozi zilizokosekana ni sawa katika makundi yote mawili ataona data zake zimeegemea upande mmoja, na atashauriwa kutumia jaribio la Mann na Whitney. Lakini jaribio hilo halilinganishi wastani. Linauliza kama mtu yeyote wa kundi moja, akilinganishwa na mtu yeyote wa kundi la pili, ana mwelekeo wa kuwa na namba kubwa zaidi. Makundi mawili yanaweza kuwa na wastani sawa kabisa na bado yakapishana kwa kipimo hicho. Akitaka kulitumia, aiandike upya nadharia sifuri, na aseme kwamba aliibadilisha na kwa nini. Kama wastani ndio hasa anaoutaka, pengine kwa sababu ya gharama za dawa, basi atafute njia ya kupima wastani isiyotetereka kwa data za namna hiyo.

Makundi madogo ndani ya utafiti nayo yana mtego wake. Mwandishi hupima wanawake peke yao na kupata 0.02, kisha wanaume peke yao na kupata 0.20, halafu anahitimisha kwamba ujumbe unawafaa wanawake kuliko wanaume. Hitimisho hilo lina nadharia sifuri yake, kwamba faida ya ujumbe ni sawa kwa jinsia zote, na hakuna jaribio lolote kati ya hayo mawili lililoipima. Linahitajika jaribio la tatu, la mwingiliano kati ya ujumbe na jinsia. Mwaka 2011 Nieuwenhuis na wenzake walichapisha ukaguzi wa makala za sayansi ya ubongo katika majarida makubwa. Kati ya makala 157 zilizokuwa na ulinganisho wa aina hii, 79 zilikuwa zimetumia njia isiyo sahihi.

Lugha ya nadharia yenyewe ina doa moja lililozoeleka mno: “Hakuna tofauti yenye maana ya kitakwimu kati ya makundi.” Maana ya kitakwimu ni sifa ya matokeo ya sampuli na inategemea ukubwa wake, ilhali nadharia tete inahusu jamii ambamo tofauti ama ipo ama haipo. Maneno hayo yanapaswa kuondolewa kwenye nadharia na kuachwa yasubiri sura ya matokeo. Vilevile, thamani ya p ikizidi 0.05 haiandikwi kwamba nadharia sifuri imekubaliwa, bali kwamba data hazikutosha kuikataa, na pembeni yake huwekwa ukubwa wa tofauti na mipaka yake. Kwa ufuasi wa dawa katika mfano wa Kenya, tofauti ni pointi 12 za asilimia, na mipaka ya uhakika wa 95% inaanzia karibu pointi 3 hadi 20.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kurudi nyuma. Mhakiki huanza na majedwali, anaichukua kila thamani ya p na kuandika pembeni nadharia sifuri ambayo jaribio hilo liliipima kweli, kisha anaitafuta sentensi hiyo katika Sura ya Kwanza. Thamani ya p isiyo na sentensi yake huripotiwa kama uchunguzi wa ziada uliofanywa baada ya data kupatikana. Sentensi isiyo na thamani yake ya p inadaiwa maelezo, hasa kama kipimo kilichotajwa humo kilipimwa na matokeo yake hayaonekani popote.