PaCO2 ya 34 inapokuwa juu mno: swali la gesi za damu linaloangusha wengi

Chukua swali hili, ambalo hurudi kwenye mitihani likiwa limebadilishiwa nguo tu. Binti wa miaka 19 mwenye kisukari aina ya kwanza ameletwa idara ya dharura akiwa ametapika siku mbili, hajachoma insulini, na sasa anasinzia. Mkojo una ketoni nyingi. Damu ya ateri inasoma pH 7.09, PaCO2 34 mmHg, HCO3 10 mmol/L. Tatizo ni nini?

Wengi wetu tunaanza vizuri. pH iko chini ya 7.35, kwa hiyo ni asidosisi. Bikaboneti imeshuka chini ya 22, kwa hiyo chanzo ni cha kimetaboli, na ketoni zinaeleza kwa nini. Kisha tunaangalia PaCO2: kawaida ni 35 hadi 45, hii ni 34, imeshuka kidogo. Basi tunaandika "asidosisi ya kimetaboli, mapafu yanafidia" na kuhamia swali linalofuata. Hapo ndipo alama zinapopotea, na wodini kinachopotea ni zaidi ya alama.

Shida ni kwamba tunailinganisha 34 na PaCO2 ya mtu mzima wa afya, wakati huyu binti si mtu huyo. Asidi ikizidi kwenye damu, vipokezi vilivyo shingoni kwenye ateri za karotidi na vile vya kwenye shina la ubongo husukuma upumuaji uwe wa kina na wa haraka, ili kaboni dayoksaidi itoke nje. Kadiri bikaboneti inavyoshuka, ndivyo PaCO2 inavyotakiwa ishuke pia. Swali la kujiuliza, kwa hiyo, ni hili: kwa bikaboneti ya 10, PaCO2 ilitakiwa iwe ngapi?

Mwaka 1967 Albert, Dell na Winters walitoa hesabu ambayo bado tunaitumia:

```
PaCO2 = (1.5 x HCO3) + 8, kuongeza au kupunguza 2
```

Kwa binti wetu: 1.5 mara 10 ni 15, jumlisha 8, unapata 23. Yaani tungetegemea PaCO2 kati ya 21 na 25. Yeye ana 34. Kwa hali yake, hiyo iko juu mno, na jibu sahihi ni matatizo mawili kwa pamoja: asidosisi ya kimetaboli na asidosisi ya upumuaji. Ingekuwa chini ya 21, tungesema ana alkalosisi ya upumuaji juu ya ile asidosisi, kama inavyotokea mgonjwa akiwa na sepsisi au sumu ya aspirini.

Ukitaka kuona uzito wake, tumia hesabu ya haidrojeni: 24 mara PaCO2, gawanya kwa HCO3. Kwa PaCO2 ya 34 unapata takriban 82 nmol/L, ambayo ndiyo pH 7.09. Kama angefidia hadi 23, ingekuwa 55, sawa na pH 7.26. Bikaboneti ni ileile. Tofauti yote imeletwa na pumzi. (Hesabu hiyohiyo inakusaidia kukagua namba: zisipokubaliana, kuna aliyenakili vibaya.)

Kwa nini hapumui vya kutosha? Huenda misuli imechoka baada ya siku mbili za kuhema. Huenda ana nimonia, au fahamu zimeshuka mno, au amepewa dawa ya usingizi. Usisahau potasiamu: ikiwa chini sana misuli ya kupumulia hulegea, na insulini itaishusha zaidi kwa kuisukuma ndani ya seli. Ndiyo maana hupimwa kabla ya kuanza insulini.

Hapa pia kuna mtego. Akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia iliyopangwa kama ya mgonjwa yeyote, na PaCO2 ikafika 40 "ya kawaida", haidrojeni hufika 96 na pH hushuka hadi 7.02. Mashine inabidi ihemee kwa kasi aliyoihitaji yeye.

Fomula yenyewe ina mipaka. Ni ya asidosisi ya kimetaboli tu, usiipeleke kwenye alkalosisi. Fidia huchukua saa kadhaa kukamilika, kwa hiyo mtu aliyetoka kupata degedege dakika kumi zilizopita anaweza asiifikie bila mapafu kuwa na kosa. Sampuli nayo iwe ya ateri kweli, kwa sababu PaCO2 ya damu ya vena huwa juu kidogo. Na kama mashine yenu inatoa majibu kwa kPa, zidisha kwa 7.5 kwanza: 4.5 kPa ndiyo hiyo 34 yetu.