Unauza Simu Mtandaoni? Ondoa Akaunti Kwanza, Kisha Ufute

Mkulima wa chai wa Kapkatet anataka kuuza simu yake ya Android kwa mtu asiyemjua aliyempata mtandaoni. Anatoa laini, anafuta picha moja moja, kisha anadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Jumbe za M-Pesa zenye majina na salio huhifadhiwa ndani ya simu, si kwenye laini pekee. Picha ya kitambulisho iliyofutwa nayo huweza kubaki kwa muda kwenye pipa la taka la simu, na mwenye ujuzi anaweza kuirudisha.

Njia iliyo salama ni kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, lakini kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, ahifadhi nakala ya picha na majina anayohitaji, na ya mazungumzo ya WhatsApp, kisha ahakikishe yanaonekana kwenye simu mpya. Asianze kufuta majina kwa mkono wakati akaunti ya Google ingali imeunganishwa, kwa maana yatafutika hata kwenye akaunti yenyewe.

Pili, atoe laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo isiuzwe pamoja na simu.

Tatu, afungue Settings, aingie sehemu ya Accounts na kuondoa kila akaunti ya Google. Hatua hii ndiyo inayosahaulika sana. Tangu Android 5.1, simu nyingi zina kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado ndani, itadai akaunti na nywila ya mwenyewe wa awali. Mnunuzi atabaki na simu asiyoweza kuitumia, naye atarudi kudai pesa zake au kuomba nywila. Nywila hiyo asipewe mtu.

Nne, arudi Settings, aingie System, kisha Reset options, achague Erase all data (factory reset). Majina haya hutofautiana kidogo kwa kila aina ya simu. Betri iwe na chaji ya kutosha, ili simu isizimike katikati ya kazi.

Katika simu za miaka ya karibuni, data huhifadhiwa kwa njia ya fumbo. Simu ikifutwa hivi, ufunguo wa fumbo hilo hutupwa, na kilichobaki hakisomeki. Simu kuukuu huenda hazina fumbo hilo. Mwenye simu ya namna hiyo atafute Encryption katika sehemu ya Security, aliwashe kwanza, ndipo afute.

Mwisho, simu iwashwe na kuunganishwa na intaneti mbele ya mnunuzi. Ikionyesha ukurasa wa kuchagua lugha na kuendelea bila kuuliza akaunti ya zamani, iko tayari. Ikiiuliza, mwenye simu aingize akaunti yake mwenyewe, aiondoe, kisha afute tena kabla ya kupokea pesa.