Barua kwa Aliyekaimu Akakosa Cheo

Barua nyingi za kumjulisha mtumishi kwamba hakupandishwa cheo huandikwa na mtu aliyefungua barua ya zamani kwenye kompyuta na kubadilisha jina tu. Ndiyo maana mhasibu aliyekaa miaka sita katika ofisi ileile hujikuta akisoma kwamba "waombaji walikuwa wengi na ushindani ulikuwa mkali", kisha akitakiwa kila la heri huko aendako. Yeye haendi popote. Kesho saa mbili asubuhi atakuwa mezani kwake, akipokea maagizo ya yule aliyeipata nafasi.

Au pengine anaenda kweli. JR Keller na Kathryn Dlugos wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichambua zaidi ya maombi 9,000 ya wafanyakazi wa ndani yaliyokataliwa katika kampuni moja kubwa. Waliona kuwa waliokataliwa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuacha kazi, wakilinganishwa na wenzao waliopata nafasi au ambao hawakuomba kabisa. Hata hivyo, waliofika hadi kusailiwa na meneja mwenye nafasi hiyo waliondoka kwa nusu tu ya kiwango cha walioenguliwa mapema. Aliyeitwa kwenye usaili huondoka akiamini kwamba safari ijayo huenda ikawa zamu yake. Barua ya kukataliwa ndiyo inayoweza kuilinda imani hiyo au kuiua.

Mfano mmoja wa kubuni, ambao watumishi wengi watautambua, ni huu. SACCOS moja ya mjini ina nafasi moja tu ya meneja mikopo. Aliyekuwapo alistaafu, na afisa mikopo mwandamizi akaikaimu nafasi hiyo kwa miezi minane. Nafasi ilipotangazwa aliomba, akasailiwa, akakosa. Ikachukuliwa na mtu kutoka nje.

Kukaimu ndiko kunakoifanya barua hii iwe ngumu kuliko nyingine. Kwa miezi minane wanachama walimwita meneja, alisaini fomu za mikopo na kukaa kwenye kikao cha bodi. Barua isiyoitaja miezi hiyo humwambia kwamba haikuhesabiwa. Barua inayoisifu mno nayo humwachia swali lisilo na jibu: kama kazi ilifanyika vizuri hivyo, kwa nini akanyimwa?

Kwa hiyo meneja mkuu hana budi kurudi kwenye karatasi za alama za jopo kabla ya kugusa kalamu. Katika mfano huu zinaonyesha kwamba mwombaji aliongoza kwa mbali katika kuchambua maombi ya mikopo. Aliangukia kwenye swali moja. Aliulizwa angefanya nini iwapo afisa aliye chini yake angetoa mkopo kabla kamati ya mikopo haijaupitisha, akajibu kwamba angemaliza mwenyewe nyaraka zilizobaki ili mwanachama asisumbuke. Jopo lilitaka kusikia kwamba angesimamisha utoaji, angemhoji afisa, angeandika taarifa na kuipeleka kwa kamati. Ni jibu la mtendaji hodari ambaye bado hajaanza kusimamia watu, na kumbukumbu za miezi minane zinalithibitisha: marejesho yaliyochelewa aliyafuatilia mwenyewe kwa simu, huku maafisa wawili wakisubiri kuagizwa.

Hapo barua inaandikika. Aya yake ya kwanza itoe uamuzi bila kuzunguka: "Nakujulisha kwamba jopo halikukupendekeza kwa nafasi ya Meneja Mikopo." Ya pili iseme lililoonekana: "Katika uchambuzi wa mikopo jopo lilikuweka katika daraja la juu, na kazi uliyoifanya ulipokaimu ilichangia alama hizo. Pengo lilikuwa katika kusimamia maafisa. Katika swali la mkopo uliotolewa bila idhini, ulieleza namna ya kukamilisha nyaraka, lakini hukueleza hatua za kumwajibisha afisa na kuitaarifu kamati." Alama zinazozungumziwa ziwe zake peke yake. Aliyeshinda asitajwe kwa sifa wala kwa upungufu, kwani mambo ya usaili wake ni yake.

Sehemu ya hatua za kumwendeleza ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi, na dawa inayopendwa ni "kuhudhuria mafunzo ya uongozi". Siku tatu za semina haziwezi kumfundisha mtu kumwambia mwenzake waliyezoea kula naye chakula cha mchana kwamba kazi yake ina kasoro. Hilo hujifunzwa kwa kulifanya, mbele ya mtu anayeweza kusahihisha. Kwa mwombaji wetu hatua mbili zinatosha. Kwanza, kwa miezi sita aendeshe kikao cha kila mwezi cha mikopo iliyopitiliza siku 30, agawe kazi ya ufuatiliaji kwa maafisa wawili na kuandika muhtasari unaoonyesha nani aliahidi nini na kama alitimiza. Pili, afanye tathmini ya robo mwaka ya mmoja wa maafisa hao, meneja akiwa amekaa pembeni. Kozi inaweza kufuata baadaye, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ila iandikwe kwenye barua pale tu bodi imeshaipitishia fedha.

Kuna kikwazo ambacho waandishi wa barua hizi hukisahau: kikao hicho sasa ni mali ya meneja mpya. Asipoambiwa tangu wiki ya kwanza, atakiendesha mwenyewe kwa nia njema kabisa, na ahadi ya barua itakufa kimyakimya. Dalili huonekana mapema. Ukipita mwezi wa pili na mihtasari bado inaandikwa na meneja, mpango haupo tena.

Sentensi nyingine zisiandikwe kabisa. "Nafasi ijayo ni yako" ni ahadi ambayo SACCOS yenye meneja mikopo mmoja haina jinsi ya kuitimiza, na ukweli huo heri uandikwe wazi. "Tulizingatia kuwa una mtoto mchanga" inaonekana kama huruma, lakini ni hatari zaidi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, umri na ulemavu, na upandishaji vyeo umo ndani yake. Mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamhamia mwajiri. Sentensi hiyo moja ya huruma ingekuwa ushahidi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Barua isitangulie mazungumzo. Meneja mkuu amwite mhusika, amweleze uso kwa uso, kisha ampe barua siku hiyohiyo, kabla jina la mshindi halijafika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Wengine hutaka kuusogeza usaili huo hadi Ijumaa jioni ili aliyekosa apumzike mwishoni mwa wiki. Ni desturi mbaya: anabaki siku mbili na maswali bila mtu wa kuyajibu.

Barua ifungwe kwa tarehe ya kukutana tena baada ya miezi sita, na kwa orodha fupi ya vitakavyokuwa mezani: mihtasari sita ya vikao, tathmini ya afisa mmoja na maoni ya meneja mpya. Kama SACCOS bado haina nafasi siku hiyo, vitu hivyo vitatu vinaingia kwenye jalada lake, na nakala anaondoka nazo. Akiamua kuomba umeneja kwenye chama kingine, jopo la huko likimuuliza amewahi kusimamia nani, atakuwa na karatasi za kuonyesha.