Gauni Libadilike Rangi, Shanga Zibaki Ziking'aa

Fundi amemaliza gauni jeupe la sendofu. Sketi ni ya satini, kifua ni lesi iliyodariziwa kwa mkono, na juu ya darizi zimetiwa shanga za kioo. Analipiga picha na kuiweka mtandaoni. Haupiti muda mteja anauliza: hilo hilo likiwa la kijani cha zumaridi litakaaje? Kushona la pili kwa ajili ya kumwonyesha tu ni hasara, basi picha inapelekwa kwa mtu wa kompyuta aibadilishe rangi. Inarudi ya kijani kweli, lakini kifua kimelala kama ukuta uliopakwa rangi. Nyuzi hazionekani, shanga hazimeti. Mteja anaona gauni la bei rahisi, wakati darizi ile imekula wiki nzima za fundi.

Tatizo linaanzia kwenye namna mwanga unavyofanya kazi. Taa ikiipiga shanga, sehemu ya mwanga huingia ndani na kutoka ikiwa na rangi ya shanga. Sehemu nyingine hudunda juu juu na kurudi na rangi ile ile ya taa. Ndiyo maana hata shanga nyeusi tii huwa na kidoa cheupe kinachometa. Kidoa hicho ni cha taa, wala si cha shanga. Anayekipaka kijani pamoja na kitambaa anaizima shanga. Uzi wa dhahabu ni habari nyingine: metali huutia rangi mwanga unaodunda, kwa hiyo mmeto wake ni wa dhahabu pia. Gauni likibadilika rangi, uzi huo huachwa kama ulivyo.

Kazi nzuri huanzia kwenye kamera. Katika picha ya kawaida, kila nukta hupimwa kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Gauni jeupe likipigwa picha kwa mwanga mwingi, kitambaa na mmeto vyote hufika 255, na hapo kompyuta haina njia ya kuvitenganisha. Punguza mwanga wa kamera mpaka kitambaa kiwe karibu na 210 na vidoa vya shanga pekee viguse 250 na kuendelea. Ukiwa na Photoshop, dirisha la Info litakuonyesha namba hizo kila unapopitisha kishale. Piga kwa RAW kama kamera yako inaruhusu, na weka taa upande mmoja wa gauni badala ya mbele, ili kila uzi uwe na kivuli chake.

Sasa tulipake gauni letu. Chora mpaka wa gauni kwa uangalifu, ukiiacha nje mikono na shingo, kisha fungua Layer > New Fill Layer > Solid Color. Rangi itakaa kwenye tabaka lake peke yake, ndani ya mpaka uliouchora. Chagua zumaridi ya R 0, G 90, B 70, na hali ya tabaka iwe Multiply, ambayo huzidisha rangi mpya kwa mwanga uliopo kwenye picha. Mikunjo na vivuli vitabaki mahali pake, lakini shanga nazo zitakuwa za kijani.

Zirudishe hivi. Bofya tabaka mara mbili pembeni mwa jina lake, dirisha la Layer Style lifunguke. Chini kuna Blend If, na ndani yake mstari wa Underlying Layer. Kitelezi cheupe cha upande wa kulia ndicho kinachoamua mwanga wa kiwango gani usiguswe na rangi. Shika Alt ukikivuta, kitagawanyika vipande viwili. Kimoja kiweke 225, kingine 250. Kitambaa cha 210 kitapata kijani chote, vidoa vya zaidi ya 250 vitabaki vyeupe, na vya katikati vitapokea rangi kidogo kidogo bila kuacha ukingo mkali. Usipokigawanya, kila shanga itazungukwa na chengachenga kama picha iliyokatwa kwa mkasi.

Wengi huishia hapo, na darizi bado imelala. Sababu ni hesabu ndogo. Kwenye gauni jeupe, mgongo wa uzi ulikuwa 210 na kivuli cha pembeni yake 150, tofauti ya 60. Baada ya Multiply, kijani cha mgongo wa uzi kimekuwa 74 na cha kivuli 53, tofauti ya 21 tu. Hakuna uzi uliofutika, ila jicho halipati tena pa kushika. Weka tabaka la Curves juu ya rangi, ndani ya mpaka ule ule, hali yake iwe Luminosity ili lisichafue kijani. Inua sehemu ya migongo ya nyuzi na ushushe kidogo vivuli, mpaka uone uelekeo wa kila mshono. Usikimbilie Sharpen, kwa kuwa huzizungushia shanga duara jeupe ambalo jicho hulitambua upesi kuwa ni la kompyuta.

Kanzu huhitaji njia tofauti pale kinachobadilishwa ni darizi yenyewe. Chukua kanzu nyeupe ya Uganda yenye darizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani, na familia inataka kuiona ikiwa ya buluu. Anayechora mpaka unaobana uzi hupata buluu iliyozungukwa na uwekundu. Picha ya JPEG, kwa kawaida, hutunza mwanga wa kila nukta lakini huzigawia nukta nne rangi moja, hivyo wekundu wa uzi mwembamba humwagikia kitambaa. Dawa ni kupanua mpaka hadi upite darizi, kisha kutumia Hue/Saturation na kusogeza Hue hadi karibu -125. Kitambaa cheupe hakina rangi ya kugeuzwa, kwa hiyo hakitaguswa, ila uwekundu uliomwagika utageuka pamoja na uzi. Colorize usiiwashe, maana itaipaka kanzu nzima.

Njia hizi zina mpaka wake. Gauni jeupe huenda kwenye rangi yoyote iliyoiva, lakini jeusi haliwezi kufanywa jeupe vizuri, kwa sababu vivuli vya nyuzi vimejazana karibu na 0, na ukiviinua hutokea chembechembe badala ya darizi. Fundi mwenye rangi kadhaa dukani apige picha ile nyepesi.

Kabla ya kutuma, kuza picha hadi 100% na uangalie kidoa cheupe cha shanga, kivuli chini yake, na ukingo wa gauni unapokutana na ngozi. Kwenye WhatsApp itume kama Document, kwa kuwa ikienda kama picha ya kawaida itabanwa na nyuzi zitapotea tena. Mwambie mteja kwamba rangi ya kwenye simu inategemea kioo cha simu yake, na kabla hujapokea malipo ya kwanza mpe kipande cha kitambaa chenyewe akishike mchana, nje, penye jua.